Daftari linasema 707,000, mkononi zipo 618,000: kulitafuta pengo katika hesabu za kikundi cha kufa na kuzikana

*Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana chenye wanachama 40. Kila mwezi tunatoa ada ya shilingi 2,000. Mwanachama akifiwa tunampa rambirambi ya 300,000 kutoka mfuko wa kikundi, kisha sisi wengine kila mmoja anarudishia mfuko 5,000. Januari tulianza na 600,000. Sasa Juni imeisha, tumepata misiba mitatu, na daftari linasema zipo 707,000. Nikihesabu sanduku, simu na benki napata 618,000. Watu wameanza kunong'ona, na wengine wanabishana nani anadaiwa na nani hadaiwi. Nimekutumia nakala za kurasa zote, stakabadhi, hati za malipo na taarifa za benki na simu. Nirekebishe wapi, na niandike vipi ili yasijirudie?*

Poleni kwa misiba mitatu ndani ya nusu mwaka. Nimepitia kurasa zote ulizotuma, na nianze na jambo utakalopenda kulisikia kwanza: hakuna fedha iliyopotea. Hizo 618,000 ulizohesabu ndizo hasa zinazotakiwa kuwepo. Kilichokosea ni daftari, na limekosea mahali patano. Makosa manne yanalifanya lionyeshe fedha nyingi kuliko zilizopo. La tano linavuta upande wa pili, na hilo ndilo lililokuzuia kuyaona mengine, kwa sababu lilikuwa linafunika sehemu ya pengo.

Chanzo cha yote ni kimoja. Daftari lako moja linabeba kazi tatu: linaeleza fedha iliyoingia na kutoka, linaeleza nani amelipa na nani bado, na linaeleza kila msiba ulipaswa kuchangiwa kiasi gani. Fedha iliyopo na fedha inayodaiwa zimekaa safu moja, na zikikaa safu moja zitajumlishwa pamoja tu. Deni si fedha mpaka lilipwe.

Kabla ya kugusa kosa lolote, fanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuhesabu upya mbele ya mwenyekiti na mwanachama mmoja asiye kiongozi, wote siku moja na saa moja. Andikeni kwenye karatasi: sanduku 38,000, laini ya simu ya kikundi 85,000, benki 495,000, jumla 618,000, tarehe, sahihi tatu. Ukihesabu sanduku leo na benki keshokutwa, mtu akatoa au kuweka katikati, utakuwa unatafuta pengo linalohama. Ya pili ni kuthibitisha salio la kuanzia. Zile 600,000 za Januari usizichukue kwa kuwa zimeandikwa juu ya ukurasa. Taarifa ya benki ya mwisho wa Desemba, salio la simu la siku hiyo na muhtasari wa kikao vikubaliane. Kwako vimekubaliana, kwa hiyo makosa yote yamo ndani ya miezi sita hii.

Sasa pengo ni 89,000. Namba kama hiyo ukiitazama nzima haikuambii kitu, kwa kuwa ni mchanganyiko wa makosa tofauti. Ndiyo maana tunaanza na yale yanayothibitishwa na karatasi ya mtu mwingine, ndipo tuje kwa yale yaliyomo katika mwandiko wako.

Anza na taarifa za benki na simu. Weka taarifa kushoto na daftari kulia, kila mstari unaoonekana pande zote mbili upige tiki kotekote. Mistari itakayobaki bila tiki kwenye taarifa ndiyo uliyosahau kuandika. Kwako imebaki mistari midogo midogo ya makato: ada ya benki kila mwezi, na makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu. Jumla yake ni 12,000. Ni kosa la kawaida mno, kwa sababu makato hayana stakabadhi wala mtu anayekuja kuyadai; yanajikata yenyewe. Ukiyaandika, daftari linashuka hadi 695,000 na pengo linabaki 77,000.

Hatua ya pili ni michango ya misiba. Chukua kitabu cha stakabadhi na utenge nakala za kila msiba peke yake. Msiba wa kwanza una stakabadhi 39 za 5,000, yaani 195,000, na daftari lina 195,000. Hapo pako sawa, na pia umefanya vizuri kutomhesabu mfiwa. Wapo wanaozidisha 40 kwa 5,000 na kujikuta wanamdai aliyefiwa mchango wa msiba wake mwenyewe.

Msiba wa pili ndio wenye kosa kubwa kuliko yote. Siku kamati ilipotangaza mchango, uliandika mstari mmoja: "Michango ya msiba, 195,000". Nakala za stakabadhi ziko 30 tu, yaani 150,000. Uliandika kilichostahili kuingia na kukiweka kwenye safu ya kilichoingia. Wanachama tisa hawajalipa hadi leo, na 45,000 zao zimo ndani ya salio lako kana kwamba ziko sandukuni. Punguza 45,000: daftari linakuwa 650,000, pengo 32,000.

Msiba wa tatu daftari lina 175,000, sawa na watu 35. Stakabadhi ziko 31, sawa na 155,000. Pembeni umeandika kwamba wanachama wanne walimkabidhi mfiwa mkononi siku ya mazishi. Fedha hizo hazikupita sandukuni, wala kwenye simu, wala benki. Haziwezi kuwa sehemu ya salio. Punguza 20,000: daftari 630,000, pengo 12,000. Hao wanne nitawarudia, maana suala lao haliishii kwenye hesabu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Pengo lililobaki ni 12,000, na makato tuliyoyakuta mwanzoni nayo yalikuwa 12,000. Mtu aliyechoka atadhani hakuyaandika vizuri, atayapunguza mara ya pili, hesabu itakubali na atafunga daftari akiwa na furaha. Atakuwa ameficha makosa mawili chini ya uongo mmoja. Kiasi kufanana si ushahidi. Kila rekebisho lazima lisimame juu ya karatasi.

Karatasi inayofuata ni hati za malipo ya rambirambi. Ya kwanza na ya pili wafiwa wamesaini kupokea 300,000 kila mmoja. Ya tatu mfiwa amesaini 294,000. Alikuwa na malimbikizo ya ada ya miezi mitatu, 6,000, ukayakata kabla ya kumkabidhi. Kukata si tatizo, kama katiba yenu inaruhusu. Tatizo ni kwamba daftari lina malipo ya 300,000 na halina popote ada ya 6,000 iliyopatikana kwa makato hayo. Fedha iliyotoka kweli ni pungufu ya ile uliyoandika, kwa hiyo mkononi una 6,000 zaidi ya daftari. Ongeza 6,000 kama mapato ya ada. Daftari linapanda hadi 636,000, na pengo badala ya kupungua linaongezeka hadi 18,000.

Usishtuke pengo likikua. Hilo ndilo kosa la tano nililolitaja, lililovuta upande wa pili. Na angalia kilichotokea: 18,000 inagawanyika kwa 9 bila baki. Pengo lililobaki likigawanyika kwa 9, jambo la kwanza kushuku ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kwa sababu ukigeuza tarakimu mbili zilizokaa jirani tofauti yake daima hugawanyika kwa 9. Unaweza hata kujua utafute nini: gawa 18,000 kwa 9 upate 2,000. Maana yake tarakimu zilizogeuzwa ni ya maelfu na ya makumi elfu, na zinatofautiana kwa 2. Tafuta 13,000 na 31,000, au 24,000 na 42,000, 35,000 na 53,000, 46,000 na 64,000, na kuendelea. Kwenye ukurasa wako wa Machi kuna mstari wa ada 64,000. Stakabadhi za siku hiyo ni 23 za 2,000 kila moja, yaani 46,000. Hilo hapo. Punguza 18,000 na daftari linafika 618,000.

Kuna kipimo kingine cha namna hiyo kitakachokufaa siku nyingine. Kama pengo ni namba shufwa, ligawe kwa 2 na utafute mstari wenye nusu hiyo: huenda malipo yameandikwa upande wa mapato au kinyume chake, na kosa hilo hujihesabu mara mbili. Malipo ya 15,000 yakiingia upande wa mapato yanazaa pengo la 30,000. Vipimo hivi vinafanya kazi pale tu limebaki kosa moja, ndiyo maana vimekuja mwisho.

Kuhusu namna ya kurekebisha, tafadhali usifute, usipake rangi nyeupe, wala usichane ukurasa na kuuandika upya. Mistari ya zamani ibaki inasomeka. Chini ya mstari wa mwisho wa Juni andika marekebisho matano kwa tarehe ya leo, kila moja na sababu yake na karatasi inayolithibitisha:

```
Salio la daftari kabla ya marekebisho            707,000
Toa: makato ya benki na simu, Jan-Juni           -12,000
Toa: michango msiba wa 2, isiyolipwa (watu 9)    -45,000
Toa: michango msiba wa 3, haikufika mfukoni      -20,000
Ongeza: ada iliyokatwa kwenye rambirambi          +6,000
Toa: ada ya Machi, 46,000 iliandikwa 64,000      -18,000
Salio sahihi                                     618,000
```

Ukurasa huo usomwe kikaoni, uingie kwenye muhtasari, na watia saini wote wautie sahihi. Na usijaribu kamwe kuziba pengo kwa fedha yako. Mweka hazina anayetia 89,000 za mfukoni mwake ili "mambo yaishe" anakuwa ameongeza kosa la sita, na siku makosa mengine yakifumuka, hakuna atakayeamini kwamba fedha ya ziada ni yake.

Nirudi kwa wale wanne waliompa mfiwa mkononi. Wao wanasema wamelipa, na ni kweli fedha imewatoka. Lakini mchango wa 5,000 katika kikundi chenu si wa mfiwa. Mfiwa amekwisha kulipwa rambirambi yake kutoka mfukoni. Mchango ni wa kuurudishia mfuko. Waliompa mkononi hawakuurudishia mfuko chochote, na mfiwa akapata 20,000 juu ya stahili yake. Hukuwaandikia stakabadhi, kwa hiyo kikundi hakijakiri kupokea. Mtazamo wangu ni kwamba hiyo ni zawadi yao binafsi na mchango bado wanadaiwa. Ila kama kiongozi yeyote aliwaelekeza wakabidhi huko, haki iko upande wao: kamati iwatambue kuwa wamelipa, na 20,000 iandikwe pande zote mbili, mapato ya michango na malipo ya ziada kwa mfiwa, kwa azimio la kikao. Salio la fedha halibadiliki kwa vyovyote. Kinachobadilika ni deni la watu wanne. Uamuzi huo ni wa kikao. Kazi yako ni kupeleka maelezo yote mawili, na mpaka kiamue waandike wanne hao "linasubiri kikao".

Sasa tuje kwenye ubishi wa nani anadaiwa, maana daftari la fedha hata likiwa safi halijibu swali hilo. Linalojibu ni leja ya wanachama: kila mwanachama na ukurasa wake, ukiwa na safu za tarehe, maelezo, anachostahili kulipa, alicholipa, namba ya stakabadhi na deni. Safu ya anachostahili unaijaza siku deni linapozaliwa, yaani mwanzo wa mwezi kwa ada na siku ya msiba kwa mchango. Safu ya alicholipa unaijaza siku fedha inapoingia tu. Ule mstari wa 195,000 ulioandika kabla ya watu kulipa haukuwa wazo baya. Ulikosa mahali pake, na mahali pake ni hapa, umegawanywa 5,000 kwa kila ukurasa.

Kwa nusu mwaka huu, mwanachama ambaye hakufiwa anastahili kulipa ada 12,000 na michango mitatu 15,000, jumla 27,000. Aliyefiwa mara moja anastahili 22,000, kwa kuwa hachangii msiba wake. Wasiofiwa ni 37, wafiwa ni 3. Zidisha: 37 kwa 27,000 ni 999,000, 3 kwa 22,000 ni 66,000, jumla 1,065,000. Hii ndiyo namba ambayo safu ya "anachostahili" ya kurasa zote 40 lazima ifike. Fedha iliyolipwa kweli ni ada 430,000, zikiwemo zile 6,000 zilizokatwa, na michango 500,000, jumla 930,000. Kwa hiyo kurasa zote 40 zikijumlishwa, deni linatakiwa kuwa 135,000: ada 50,000, michango ya msiba wa pili 45,000, ya msiba wa tatu 20,000 kwa watu wanne ambao hawajatoa kabisa, na 20,000 nyingine za wale wanne wanaosubiri kikao.

Fungua kurasa 40 na ujaze kutoka kwenye stakabadhi, si kutoka kwenye daftari. Jumla ya madeni ikifika 135,000, leja yako ni sahihi kwa ujumla na unaweza kusimama mbele ya mtu yeyote. Ikifika 137,000, kuna ada moja hujaihamishia kwenye ukurasa wa mwenyewe. Ikifika 135,000 kamili lakini mwanachama analalamika, huenda malipo yake yameingia ukurasa wa mwenzake, na hilo jumla haiwezi kulionyesha. Stakabadhi ya mkononi mwake pekee ndiyo itakayolionyesha.

Hapo ndipo penye mzizi wa sehemu kubwa ya ubishi wenu: stakabadhi nyingi ulizotuma zina jina na kiasi, lakini hazina "ya nini". Mtu analeta 5,000 akiwa na nia ya kulipa mchango, nawe unazigawa ada ya miezi miwili na nusu ukiwa na nia njema ya kupunguza malimbikizo yake. Mwezi mmoja baadaye jina lake linasomwa kwenye orodha ya wasiochangia msiba, na hapo maneno yanaanza. Stakabadhi iseme kazi ya fedha: "ada ya Aprili na Mei", "mchango wa msiba wa tatu". Kama mlipaji hakusema, muulize kabla hujaandika. Kama katiba inasema deni la zamani ndilo linalolipwa kwanza, ifuate, lakini bado andika kwenye stakabadhi ni deni gani ulilolilipia. Kwa fedha zinazoingia kwa simu, nakili na namba ya muamala kwenye stakabadhi, kwa sababu jina linalotokea kwenye ujumbe mara nyingi ni la mwenye laini, huenda ni mke, mtoto au wakala, wala si la mwanachama. Na laini hiyo iwe ya kikundi peke yake. Fedha ya kikundi ikichanganyika na yako kwenye laini moja, hakuna taarifa itakayokutetea.

Kwa kila msiba fungua karatasi moja ya msiba, na uifungue siku ya msiba wenyewe. Juu yake andika namba ya msiba, mwanachama aliyefiwa, uhusiano wake na marehemu kama katiba inavyoutambua, tarehe ya kifo na tarehe taarifa ilipofika kwenye kamati. Chini yake orodhesha wachangiaji kwa majina. Orodha hiyo inafungwa kwa tarehe ya kifo: aliyekuwa mwanachama siku hiyo anachangia hata kama amejitoa wiki iliyofuata, na aliyejiunga baadaye hachangii. Kama mna kipindi cha kusubiri kwa wanachama wapya kabla hawajastahili rambirambi, katiba iseme wazi kama ndani ya kipindi hicho wanachangia misiba ya wengine. Vikundi vingi huwachangisha. Kisichofaa ni kuliamua jambo hilo siku msiba umetokea.

Kuna hali moja ya kuiwekea kanuni mapema: ndugu wawili wote ni wanachama, na wamefiwa na mzazi mmoja. Je, ni msiba mmoja au miwili? Kila mmoja akilipwa, mfuko unatoa 600,000 kwa kifo kimoja, na mnahitaji kujua kama wengine 38 watachanga mara moja au mara mbili, na kama ndugu hao watachangiana. Majibu yoyote yanaweza kuandikika hesabuni, mradi yawepo kabla ya kifo.

Sehemu ya chini ya karatasi ya msiba ni ya malipo. Hati ya malipo ya rambirambi iwe na mistari mitatu siku zote, hata pale ambapo hakuna cha kukata: stahili 300,000; makato ya malimbikizo, yaani kiasi na ya miezi gani; na kiasi alichopokea mkononi. Mfiwa asaini mstari wa tatu, na mashahidi wawili wasaini. Kwenye daftari la fedha uandike 300,000 upande wa malipo na, kama kulikuwa na makato, kiasi kile kile upande wa mapato kama ada, ukimkatia stakabadhi. Ukiandika tofauti peke yake, yaani 294,000, salio la fedha litakubali lakini ukurasa wake wa leja utaendelea kumdai 6,000 alizokwisha kukatwa. Kumdai mfiwa deni alilokatwa siku ya msiba wake ni jambo linaloumiza, na halisahauliki.

Daftari la fedha lenyewe sasa linabaki na kazi moja. Lipe safu tatu za mahali fedha ilipo: sanduku, simu, benki, kila moja ikiwa na kuingia, kutoka na salio. Ukitoa 100,000 sandukuni kupeleka benki, hayo si mapato wala matumizi; ni hamisho, na linaandikwa kwa mstari mmoja unaotoa safu moja na kuingiza nyingine. Kwenye kurasa zako hamisho uliliandika vizuri kote, isipokuwa hukuweka namba ya hati ya kuwekea fedha benki. Iongeze. Mwisho wa kila mwezi linganisha safu ya benki na taarifa ya benki, safu ya simu na taarifa ya simu, na uhesabu sanduku mbele ya mtu. Makosa matano ya miezi sita yamekuchukua wiki nzima. Kosa moja la mwezi mmoja utalipata jioni moja.

Jambo la mwisho halikuwa kwenye swali lako, ila namba zako zinalisema kwa sauti. Wanachama wanadhani michango inarudisha rambirambi yote. Hairudishi. Rambirambi ni 300,000, na hata wote 39 wakilipa siku hiyo hiyo inarudi 195,000. Kila msiba unakula 105,000 za ada. Ada ya mwezi, wote wakilipa, ni 80,000, kwa hiyo msiba mmoja unameza ada ya mwezi mzima na zaidi ya robo ya mwezi unaofuata. Ada ya miezi sita, 480,000, inabeba misiba minne na kubakiza 60,000. Wa tano unaanza kula akiba. Hiyo ni kama hakuna malimbikizo. Nyinyi kwa malipo halisi mmepata misiba mitatu, na mfuko umetoka 600,000 hadi 618,000: umekua kwa 18,000 tu.

Hatari zaidi ni misiba kufuatana. Rambirambi inatoka kwanza, michango inakuja baadaye. Ya msiba wa pili ilichukua zaidi ya mwezi, na bado watu tisa hawajatoa. Kwa 618,000 mnaweza kulipa wafiwa wawili wa wiki moja na kubaki na 18,000. Wa tatu atasubiri. Kwa hiyo kama kuna pendekezo la kupandisha rambirambi, kama ulivyodokeza pembeni ya ukurasa wa Juni, ningelisimamisha mpaka 135,000 hizo zikusanywe au ziamuliwe, na mpaka kikao kiweke siku ya mwisho ya kulipa mchango, mathalani siku 14 tangu msiba kutangazwa. Pelekea kikao karatasi tatu: ukurasa wa marekebisho, orodha ya madeni kwa kila mwanachama, na hesabu hii ya 105,000 kwa kila msiba. Orodha ya madeni iwafikie wenyewe siku chache kabla ya kikao, kila mmoja na ukurasa wake, ili mwenye stakabadhi isiyoonekana kwenye leja aje nayo mkononi.